Mume ameachishwa kazi na amejifungia: namna ya kumsaidia bila kumwandama wala kushika usukani wake

Mwongozo huu ni wa mwanamke ambaye mume au mwenzi wake ameachishwa kazi, akahangaika wiki mbili tatu akituma barua za maombi, kisha akanyamaza. Usiku anachelewa kulala, asubuhi haamki. Ukiingia sebuleni yeye anatoka. Ukimuuliza habari za kazi anajibu "Hamna kitu," na mazungumzo yanaishia hapo. Unamuonea huruma na umemchoka kwa wakati mmoja, na hujui useme nini kisichogeuka ugomvi.

Kanuni ninayoisimamia ni hii: uliza mara chache, kwa wakati mliokubaliana, kuhusu mambo yanayowahusu nyote wawili. Utafutaji wa kazi mwachie mwenyewe. Ila pesa za nyumba na mipaka yako usivinyamazie hata kidogo. Kuitekeleza kanuni hiyo kunahitaji mpangilio, na ndio unaofuata.

Hatua ya kwanza: tazama mnavyozungushana

Mambo huenda hivi. Anapokaa kimya unaingiwa na hofu, na hofu inatoka mdomoni ikiwa swali: "Wale watu walikupigia?" Hana jibu jipya, na kukosa jibu mbele ya mke ni aibu kwake, kwa hiyo anajibu kwa neno moja na kuondoka. Kuondoka kwake kunakuongezea hofu, kesho unauliza mapema zaidi na sauti imepanda kidogo. Naye kesho anakukwepa mapema zaidi. Wanaochunguza mahusiano ya wanandoa wameuandika sana mtindo huu wa mmoja kuandama na mwingine kukimbia. Ugumu wake ni kwamba kila mmoja anaona anajibu tu kile alichofanyiwa. Wewe unaona unauliza kwa sababu haongei. Yeye anaona haongei kwa sababu unauliza.

Kabla hujabadilisha lolote, chukua siku tatu uandike kwenye karatasi yako kila mara ulipogusia kazi au pesa, na kilichofuata. Usiandike maswali ya wazi peke yake. Tangazo la kazi ulilomtumia kwenye simu lihesabu. "Mume wa jirani kaanza kazi mpya" ihesabu. Ile pumzi nzito uliyoishusha ulipomkuta bado kitandani nayo ihesabu, maana ameisikia. Wengi wakifanya hivi wanashtuka kuona idadi, kwa sababu walidhani wanauliza mara moja kwa siku. Karatasi hiyo ni yako, usimwonyeshe. Inakusaidia kujua unaanzia wapi.

Kuna jambo jingine la kulielewa katika hatua hii, nalo ni kile alichopoteza. Mshahara unaonekana, mengine hayaonekani. Katika miaka ya 1930 watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda Marienthal, kijiji kimoja cha Austria ambacho karibu watu wake wote walitegemea kiwanda kilichokuwa kimefungwa. Ripoti yao ilitoka mwaka 1933. Waliwakuta wanaume wana muda tele, lakini vitabu vilivyoazimwa maktaba vilikuwa vimepungua badala ya kuongezeka. Walipotazama watu wakipita barabarani, wanaume walitembea polepole na kusimamasimama kuliko wanawake, ambao kazi za nyumbani bado ziliwagawia siku. Na wanaume walipoulizwa wameitumiaje siku yao, wengi hawakuweza kueleza.

Jahoda baadaye alieleza kwamba ajira, mbali na kipato, inampa mtu ratiba ya siku, watu wa kuonana nao nje ya familia, lengo analoshiriki na wengine, hadhi, na shughuli ya lazima. Ukimtazama mumeo kwa macho hayo, kulala hadi saa 5 asubuhi kunaeleweka vizuri zaidi. Siku yake haina tena kitu cha kuamkia. Hilo halimaanishi uvumilie kila kitu, ila litakusaidia usiuite uvivu, kwa sababu neno hilo likishatoka halirudi.

Hatua ya pili: gawanya mambo katika mafungu matatu

Chukua karatasi nyingine, ugawe sehemu tatu: yangu, yake, yetu. Fanya hivi peke yako kwanza, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna wanaoingilia kila kitu. Kuna wengine ambao, kwa kuogopa kuonekana wasumbufu, wananyamazia hata yale yanayowahusu, mpaka siku moja wanalipuka na kumsimanga kwa kila neno walilolimeza tangu mwanzo. Mafungu haya yanazuia makosa yote mawili.

Fungu lake ni utafutaji wa kazi: aombe wapi, aandike nini kwenye wasifu wake, amtafute nani, na anaujibu vipi ulimwengu ukimuuliza kilichotokea. Ndani ya fungu hili imo pia nani aambiwe kwamba hana kazi. Ndugu zako wakijua kupitia kwako kabla hajawa tayari, utakuwa umemvua nguo hadharani, na kimya chake kitaongezeka.

Fungu lako ni usingizi wako, kazi yako, hasira yako, na kile unachoweza na usichoweza kukibeba. Ukisema "Siwezi kulipa kodi ya nyumba peke yangu zaidi ya miezi miwili," humwandami, unatoa taarifa kuhusu wewe.

Fungu la pamoja ni pesa iliyobaki na inatosha muda gani, madeni, ada za watoto kama mnao, kazi za nyumbani, na namna mnavyosemezana. Haya una haki kamili ya kuyaleta mezani, hata kama hataki. Mwanaume aliyejifungia anaweza kuwa anaficha deni, na deni lililofichwa linakua. Kwa hiyo usikubali hoja kwamba kumuuliza kuhusu pesa za nyumba ni kumnyanyasa. Kinachoumiza ni namna na wakati: kuulizwa mlangoni, mbele ya watoto, au saa 4 usiku wote mmechoka.

Ukishapanga, pitia ile orodha ya siku tatu na uweke kila swali kwenye fungu lake. Yaliyoangukia fungu lake, yaache. Yaliyoangukia fungu la pamoja, yasubiri hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: omba kikao kimoja kwa wiki

Dawa ya maswali ya kila saa ni kuyapa maswali siku yake. Mwombe kikao kimoja kwa wiki, dakika 30, siku na saa ileile, televisheni ikiwa imezimwa na watoto hawapo karibu. Mwombe wakati hamjagombana, na usimwombe akiwa kitandani wewe umesimama juu yake. Kaeni ubavuni, au mkiwa mnatembea. Kuna wanaume ambao kutazamana uso kwa uso kunawaziba mdomo.

Maneno yawe mafupi. Mfano: "Mume wangu, nimeona nakuuliza habari za kazi kila siku, na kila nikikuuliza tunaishia kununiana. Nataka kuacha. Naomba tuwe na nusu saa Jumapili jioni, tuongee pesa za nyumba na tulipofikia. Siku nyingine sitagusia." Hapo umetaja kitendo chako, hukumtaja yeye kwa ubaya, umeomba kitu chenye mwanzo na mwisho, na umempa faida: siku sita za amani. Akisema "Sawa" kwa shingo upande, chukua hiyo sawa. Usianze kuueleza umuhimu wa mawasiliano katika ndoa.

Kikao kina sehemu tatu. Dakika 10 za mwanzo ni pesa, kwa tarakimu: imebaki kiasi gani, kipi kinalipwa wiki hii, kipi kinasubiri. Dakika 10 za pili ni zake, aseme anachotaka kuhusu kazi, au asiseme. Dakika 10 za mwisho ni za nyumba: nani anafanya nini wiki ijayo. Muda ukiisha, simama, hata kama mazungumzo yamenoga. Najua inashawishi kuendelea pale anapoanza kufunguka baada ya kimya cha muda mrefu. Usiendelee, labda yeye mwenyewe aombe. Akijua nusu saa ni nusu saa kweli, wiki ijayo haitamtisha.

Pesa nimeiweka mwanzoni kwa makusudi. Inaongeleka kwa karatasi na kalamu, haihitaji mtu afunue moyo, na inamrudisha kwenye maamuzi ya nyumba. Mpe yeye ashike kalamu. Mtu asiyeleta mshahara anaanza haraka kujiona mgeni nyumbani kwake, na akiona maamuzi yote ya pesa yanafanywa bila yeye, anazidi kujiondoa.

Mfano: vikao vinne

Tuchukue mume aliyekuwa msimamizi wa ghala kwa miaka 11, akapunguzwa kampuni ilipopunguza wafanyakazi. Mkewe ana kipato chake kidogo. Mwezi wa kwanza alituma maombi mengi, hakuna aliyejibu, akaacha. Sasa ni mwezi wa tatu. Akiba inatosha miezi minne, kwa hesabu ya mke.

Kikao cha kwanza wanafungua daftari. Katika dakika 10 za pesa inabainika kwamba kuna mkopo mdogo wa simu ambao mke hakuujua, na riba yake inapanda. Kwa hesabu mpya, akiba inatosha miezi mitatu. Mke amekasirika, na ana sababu. Anachofanya ni kusema, "Hilo limenishtua. Nilitaka kulijua mapema. Tuliandike kwenye orodha, tulilipe la kwanza." Anaitaja hasira yake mara moja, haihutubii. Zikifika dakika za mume, anasema, "Sina la kusema." Mke anajibu, "Haya," na wanapita. Ukimya huo wa dakika chache unauma, lakini hapo ndipo ahadi inapojaribiwa.

Kikao cha pili mume anasema amechoka, hataki. Mke hapigi kelele wala hafuti kikao. Anauliza, "Leo saa 2 usiku au kesho saa 12 jioni?" Anamwachia wakati, hamwachii kama kitafanyika au la, kwa sababu pesa ni fungu la pamoja. Wanafanya kesho, dakika 15 tu, na zinatosha.

Kikao cha tatu mume anatoa neno: anaogopa kwamba mwajiri mpya akimpigia meneja wake wa zamani, ataambiwa mabaya, maana waligombana mwishoni. Kumbe ndiyo sababu aliacha kutuma maombi. Hapa mke ana majibu matano kichwani: mweke mtu mwingine kuwa mdhamini, usimtaje, mimi namjua mtu pale. Anayameza yote. Anauliza, "Kwa hiyo kila ukianza kuandika barua, unamwona yule?" Mume anasema ndiyo, na anaendelea kueleza. Kisha mke anatumia swali linalotumiwa na washauri wa mabadiliko ya tabia: "Kutoka 0 hadi 10, una imani kiasi gani kwamba ukirudi kutafuta utapata kitu?" Mume anasema 3. Mke haulizi kwa nini iwe chini hivyo. Anauliza, "Mbona si 1?"

Mpangilio huo una sababu. Ukimuuliza kwa nini iko chini, atakutajia sababu za kukata tamaa, na kila akizitaja anazidi kuziamini. Ukimuuliza kwa nini haiko chini zaidi, anatafuta sababu za kujiamini kwa mdomo wake mwenyewe. Huyu anasema, "Kwa sababu kazi ya ghala naijua, hata mfumo mpya wa kuhesabu mzigo mimi ndiye niliwafundisha." Mke anauliza la mwisho: "Kitu gani kidogo kingekufikisha 4?" Mume anafikiri, anasema angeongea na mfanyakazi mwenzake wa zamani ambaye sasa yuko kampuni nyingine. Mke anasema, "Sawa," na anafunga daftari. Haulizi atampigia lini.

Hilo wazo la mume ni zuri kuliko linavyoonekana. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba watu wengi walipata kazi kupitia watu wanaofahamiana nao kwa mbali, wasioonana nao mara kwa mara, kwa sababu hao wanajua nafasi ambazo marafiki wa karibu hawazijui. Mtu anayejifungia anawakata hao kwanza. Simu moja kwa mtu aliyefanya naye kazi inaweza kuzaa kuliko maombi mengi yanayotumwa kwa watu wasiomjua.

Kikao cha nne, mume hajapiga simu. Wiki nzima mke hakuuliza, ingawa ulimi ulimwasha. Sasa anauliza mara moja: "Wiki iliyopita ulisema utaongea na mwenzako. Bado unataka kuibakiza hiyo, au tuibadilishe?" Swali halina hukumu, na halimwachii njia ya kujifanya hakusema. Mume anasema ataandika ujumbe badala ya kupiga, maana sauti inamtetemeka. Ujumbe ni hatua ndogo kuliko simu, na ndiyo inayowezekana kwake. Anauandika usiku huohuo au hauandiki. Vyovyote, jambo hilo lina Jumapili yake.

Siku sita zilizobaki

Kikao hakitafua dafu kama siku nyingine unayavusha maswali kwa mlango wa nyuma. "Simu ilikuwa ya nani?" ni swali la kazi. "Leo umevaa vizuri, unakwenda mahali?" nalo ni lilelile. Likikutoka, sema tu "Samahani, hilo ni la Jumapili," na uendelee na ulichokuwa unafanya. Mkitoka mkirudi, ongeeni mengine: watoto, mpira, jambo lililokuchekesha kazini. Nyumba ambayo kila sentensi inaelekea kwenye kazi aliyoikosa haikaliki.

Msaada wa kweli katika siku hizi mara nyingi hauonekani. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walichapisha utafiti juu ya wapenzi wanaoishi pamoja, ambapo mmoja alikuwa anajiandaa kwa mtihani mgumu wa uwakili, na wote wawili waliandika shajara za kila siku. Msaada uliokuwa na nafuu zaidi ulikuwa ule ambao mtoaji aliuandika na mpokeaji hata hakuutambua. Msaada unaotambulika unaweza kumkumbusha mtu kwamba hawezi. Kwa hiyo badala ya "Nimekupigia pasi shati ili ukienda kutafuta kazi upendeze," piga pasi nguo za nyumba nzima na za kwake zimo. Badala ya kumnunulia bando huku ukimkumbusha sababu, hakikisha tu intaneti ya nyumba haikatiki.

Halafu mfanye ajue anahitajika. Kumtafutia shughuli za kumchangamsha ni kumfanya mgonjwa, lakini kumkabidhi jambo ambalo nyumba inalitegemea kweli kunamrudishia sehemu ya ratiba aliyoipoteza. Liwe na saa, na likiachwa lionekane: kumpeleka mtoto shule saa 1 asubuhi, kumpeleka mama yako kliniki, kufuatilia fundi hadi paa liishe. Mkubaliane kwenye dakika 10 za mwisho za kikao. Akishalichukua, lipo mikononi mwake. Ukimfuata nyuma kurekebisha anavyomvalisha mtoto soksi, umelichukua tena. Na usilitumie kumlipisha, kwa maana ya "Kwa kuwa umekaa tu." Akilisikia hilo hata mara moja, kila kazi ya nyumba itageuka adhabu.

Kuhusu wasifu na barua: akiomba umsaidie, msaidie alichoomba na uishie hapo. Akisema "Niangalizie makosa," sahihisha makosa ya herufi, usiuandike upya. Usimpigie mtu unayemjua umwombee kazi bila yeye kujua. Najua hili linauma, hasa ukiwa na mtu ambaye angesaidia. Mwambie mara moja, kwenye kikao: "Kuna mtu namjua anayefanya kazi kama yako. Ukitaka nambari yake ninayo." Kisha nyamaza. Akipata kazi uliyompangia kwa siri na akagundua, atajiona aliokotwa.

Kimya kinapokuwa ugonjwa

Huzuni baada ya kupoteza kazi ni ya kawaida, na inapanda na kushuka. Sonona ni kitu kingine, na kikao cha Jumapili hakiitibu. Kipimo rahisi ni majuma mawili: kama karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki mbili au zaidi, amekuwa na huzuni au hafurahii tena hata yale aliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi na hamu ya kula vimevurugika, nguvu zimekwisha, hawezi kutuliza akili, anajiona hana thamani, basi anahitaji kuonwa na daktari au mshauri nasaha. Kwa wanaume wengi huzuni inajificha: utaona hasira za ghafla, pombe inayoongezeka, au kucheza kamari usiku. Usimwambie "Wewe una sonona." Mweleze ulichokiona: "Wiki tatu sasa hulali, na umepungua. Nina wasiwasi. Twende hospitali, mimi nitakaa nje au ndani, utakavyo." Kuanza na usingizi au maumivu ya mwili kunamrahisishia kukubali, na daktari ataendelea kutoka hapo.

Ukisikia maneno kama "Mngekuwa na nafuu bila mimi," au ukimwona anagawa vitu vyake na kuaga watu, kanuni zote za hapo juu ziweke kando. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na silaha zilizopo nyumbani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na mwambie mtu mmoja anayeaminika. Hata akikusihi uifanye siri, usiifanye.

Vilevile, kama kujifungia kumegeuka vitisho au kipigo, mwongozo huu si wako. Kupoteza kazi hakumpi mtu ruhusa ya kukupiga. Tafuta mahali salama kwanza.

Kama anakataa kila kitu

Wapo watakaosema hapana kwa kikao, hapana kwa daftari, hapana kwa daktari. Hapo rudi kwenye fungu lako, ufanye lililo ndani ya uwezo wako bila kutisha. Mpe taarifa yenye tarehe: "Kufikia mwisho wa mwezi ujao akiba itakuwa imeisha. Nisipopata mpango wetu sote, nitaongea na mwenye nyumba tuhamie nyumba ndogo." Kisha tarehe ikifika, fanya ulichosema. Mpaka unaotangazwa na kusahaulika humfundisha kusubiri upite. Hakikisha pia una mtu wako wa kuongea naye, mmoja, asiyepeleka maneno, ili mumeo asiwe ndiye pekee anayepokea hofu yako. Utafiti juu ya familia zilizopoteza kazi umeonyesha kwamba dhiki ya pesa huwachosha wote wawili, na mwenzi aliyechoka huanza bila kukusudia kukosoa pale alipokuwa akisaidia.

Jipe wiki sita kabla ya kuamua kama njia hii inafaa. Usitazame kama amepata kazi, maana hilo linategemea soko pia. Tazama haya: je, anakuja kwenye kikao bila kuitwa mara tatu? Ametaja jambo moja ambalo hukulijua? Lile jukumu lake la asubuhi analifanya? Ukiona mawili kati ya hayo, endelea. Usipoona hata moja, ongeza mtu wa tatu: mshauri wa ndoa, kiongozi wa dini mnayemwamini wote, au mzee ambaye mumeo mwenyewe anamheshimu. Yeye ndiye amchague, wewe pendekeza wawili.

Na kazi ikipatikana, usifunge daftari wiki hiyo. Mshahara wa kwanza mara nyingi unakuta madeni yanausubiri, kazi mpya huenda ina cheo kidogo kuliko ile ya zamani, na mtu aliyejificha miezi kadhaa hafunguki kwa siku moja. Majukumu ya nyumbani nayo yanahitaji kugawanywa upya, maana saa 1 asubuhi sasa yuko njiani. Endeleeni na nusu saa ya Jumapili kwa miezi miwili ya mwanzo, mkianza na deni lenye riba kubwa, halafu mwamue pamoja kama bado mnaihitaji.